Sentensi Tatu za Mwalimu

Wakati wa Mwingereza nilikuwa karani wa ukumbi wa jamii kule Temeke. Kazi yangu ilikuwa kupanga mabenchi, kufagia baada ya ngoma za harusi, na kupiga taipu ratiba za mikutano kwenye stensili, kisha kuzidurufu kwa mashine ya mkono iliyopenda kutema wino siku niliyovaa shati jeupe. Nilisoma mpaka darasa la nane, basi nikajiona nimefika. Mtu akikosea kuandika barua mbele yangu nilikuwa nacheka kwa pua.

Kila mwezi, Jumamosi moja alasiri, alialikwa mtu mwenye elimu yake aje kuzungumza na wananchi. Mwenyekiti wa kamati, Mhindi mwenye duka la vyuma Chang'ombe, ndiye aliyesimama kumtambulisha mgeni, na alikuwa amechoka. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja wa kilimo, akasomewa sifa zake kurasa mbili. Watu wa nyuma wakatoka kwenda kunywa kahawa, wakarudi, bado anasomewa, na hotuba yenyewe ikawa fupi kuliko sifa.

"Kuanzia leo sentensi tatu," mwenyekiti aliniambia. "Moja, ni nani. Mbili, amefanya nini. Tatu, sasa yuko wapi. Ya nne mie sisomi."

Mgeni wa mwezi ule alikuwa mwalimu mstaafu, Mkristo kutoka bara, aliyehamia Chang'ombe kwa mwanawe. Angezungumza juu ya ukoma. Siku hizo vidonge vipya vilikuwa vimefika, na mwalimu alitaka kuwaambia watu kwamba anayeugua akiwahi, kabla vidole havijaharibika, anapona kabisa na kurudi nyumbani kwake. Shida ni kwamba wagonjwa walifichwa, au walijificha wenyewe, na neno ukoma likitajwa watu walitema mate chini. Kama asingeaminiwa siku ile, waliojificha wangeendelea kujificha mpaka viungo viishe.

Alikuja ofisini kwangu na karatasi tatu za mistari, zimeandikwa kwa mwandiko wa ubao, kila herufi imekaa kitako. Nikamwamkia shikamoo, nikamtilia chai, na kwa kuwa kikombe kilikuwa kimoja tukapokezana.

"Umesema mnataka maelezo yangu," alisema. "Haya hapa yote. Ila soma mpaka mwisho, karani."

Nilidhani ni desturi ya walimu, hawawezi kumpa mtu karatasi bila kumwambia asome mpaka mwisho. Alipoondoka nikachukua penseli nyekundu. Sifa zilikuwa thelathini na nne, zimepewa namba. Shahada ya ualimu daraja la pili. Kiongozi wa kwaya. Msimamizi wa mitihani. Mshindi wa pili wa insha. Katibu wa ushirika wa kahawa. Mkalimani wa baraza. Barua ya shukrani kwa kupanda miti. Mwandishi wa kijitabu cha usafi wa visima. Nilishangaa mtu mmoja amepata wapi muda.

Zamani kidogo niliwahi kufanya kazi ya kupanga herufi kwenye gazeti moja, na huko tulifundishwa kwamba habari ikizidi nafasi hukatwa mkiani, kwa sababu lililo kubwa huwa limeshasemwa juu. Kwa hiyo nikaanza na mbili za mkiani. Namba thelathini na tatu ilisema: msaidizi wa kufunga vidonda na kupima wagonjwa, kambi ya wakoma. Nikaikata. Namba thelathini na nne, ya mwisho kabisa, ilisema: niliugua ukoma miaka tisa, nikachomwa sindano za mafuta bila nafuu, nikapewa vidonge, nikapona.

Nilikitazama kile kikombe pale mezani, bado kina chai yake chini. Sikumaliza kazi wala kufunga madaftari. Nilitoka mbio mpaka nyumbani, nikanawa mikono kwa sabuni ya kufulia, nikasukutua, nikanawa tena.

Dada yangu alikuwa jikoni. Alikuwa mkubwa kwangu, aliachwa na mumewe kule Chanika, na tangu hapo alikaa kwangu akinipikia na kunifulia. Aliniona ninavyojisugua.

"Mdogo wangu, umeshika nini?"

"Nimekunywa chai na mkoma," nikamwambia. "Mwalimu mzima, anatembea mjini, anashika vikombe vya watu."

Alikoroga mchuzi. "Yu mgonjwa sasa hivi?"

"Anasema alipona."

"Basi si amepona?"

"Dada, ukoma hauponi. Mtu wa namna ile angekaa hukohuko kambini. Angekuwa ndugu yangu ningempeleka mwenyewe."

Alinipakulia chakula, nikala, kwa sababu mikono yangu sasa ilikuwa safi.

Kesho yake nikarudi kwenye kazi yangu nikiwa nimetulia, tena nimejawa na wema. Wema wenyewe ndio unaoniudhi hadi leo. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba ukiona aibu ya mwenzio uisitiri, nawe Mungu atakusitiri. Nikajiambia, mzee huyu uzee umemzidi, ameandika jambo ambalo mtu hulichukua kaburini. Likisomwa mbele ya umati, mwanawe atafukuzwa nyumba, wajukuu watakosa wa kucheza nao. Namba thelathini na nne nikaipiga mstari mara mbili, nikachana pembe ile ya karatasi ili isisomwe na mwingine yeyote. Kisha nikakusanya vilivyobaki. Vyeti vitatu vya ualimu nikavifanya neno moja, mwalimu mwenye shahada. Kwaya, insha na miti nikavitupa. Zikabaki sentensi hizi:

*Mgeni wetu ni mwalimu mwenye shahada, aliyefundisha na kusimamia mitihani kwa miaka mingi huko bara. Amekuwa katibu wa ushirika, mkalimani wa baraza na mwandishi wa kijitabu cha usafi wa visima. Sasa amestaafu na anaishi Chang'ombe.*

Nilizipenda. Zilikuwa fupi, hazina doa, na mwenyekiti alinisifu mbele ya tarishi. Hakuna aliyeniuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: mambo hayo yote yanahusu nini na ukoma?

Jumamosi ukumbi ulijaa, wanaume upande wa kulia, wanawake kushoto. Dada naye alikuja, jambo lililonishangaza, maana hakuwa mtu wa mikutano. Mwenyekiti akasoma sentensi zangu tatu, watu wakapiga makofi ya adabu. Mwalimu alikuwa amesimama tayari, uso ameuinua, anangoja. Mwenyekiti alipokunja karatasi na kukaa, mwalimu aliendelea kungoja. Kisha akanitazama. Nilimpa tabasamu la mtu aliyetenda wema.

Alizungumza vizuri, lakini kama anayefundisha hesabu. Alieleza baka lililopauka lisilowasha, alieleza jinsi ngozi yake inavyokufa ganzi, na jinsi ya kuipima kwa kipande cha pamba huku mtu amefumba macho. Alieleza vidonge. Watu walisikiliza kama wanavyomsikiliza mtu wa serikali. Nyuma yangu mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Huyu mambo ya visima anayajua, ya ukoma ameyatoa wapi?"

Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Upande wa wanawake akasimama mmoja, naye alikuwa dada.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Hao unaosema wamepona. Wewe umepata kumwona hata mmoja kwa macho yako?"

"Nimemwona," alisema.

"Yuko wapi?"

Mwalimu alishika ukingo wa meza, na neno halikutoka. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa ametaka namba ile isomwe. Baadaye mwenyewe aliniambia kwamba kwao mtu mwenye jambo zito huanza na habari za mvua na mbuzi, na lililomleta hulisema mwisho wakati wa kuaga. Na jambo la mwilini mwake hasemi mwenyewe, husemewa. Thelathini na tatu za kwanza zilikuwa mvua na mbuzi. Alikuja na moja tu, alituletea sisi tumsemee, nami nilikuwa nimeichana.

Dada hakumtazama tena mwalimu. Alikuwa ananitazama mimi. Alijua kwamba najua, maana mimi ndiye niliyemwambia. Alisubiri, na niliponyamaza akajitanda khanga, akaanza kupita kati ya magoti ya wanawake kuelekea mlangoni.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka sauti yangu ilikuwa nyembamba, na kwamba mwenyekiti alinigeukia kwa hasira.

"Maelezo ya mgeni nimeyakosea," nilisema. "Mwalimu huyu aliugua ukoma miaka tisa. Alitibiwa kwa vidonge hivi anavyovisema, akapona, na kambini akawapima na kuwafunga vidonda wenzake. Sasa anaishi Chang'ombe, anakula sahani moja na wajukuu wake."

La sahani sikuwa nimelisoma mahali. Nililisema tu, na mwalimu akaitikia kwa kichwa.

Benchi la mbele lilisogea nyuma kwa mkwaruzo mkubwa. Mtu mmoja alitoka, wengine wawili wakamfuata. Lakini waliobaki walikuwa wamenyoosha shingo, wanamtazama vidole, uso, masikio, na mwalimu aliiacha meza akasimama wazi ili wamtazame. Mzee wa nyuma yangu alisema polepole, "Kumbe anajua."

Dada alikuwa amefika mlangoni. Aligeuka. Akaja mbele kwa njia ya katikati, mbele ya wanaume wote, na nilidhani anakuja kunigombeza kwa kumwaibisha mwalimu. Alinipita. Alisimama mbele ya mwalimu, akakunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko.

Baka lilikuwa pale, limepauka, pana kama kiganja. Mkono huo ulinipikia mchuzi, ulinifulia shati la wino, ulinipakulia chakula siku ile nilipomwambia kwamba ndugu yangu ningempeleka mwenyewe. Nilikaa kwenye sakafu.

Mwalimu alimwambia afumbe macho na aseme kila anapoguswa, kisha akachukua kipande cha pamba, akamgusa kwenye kifundo cha mkono. Dada akasema, "Hapo." Akamgusa karibu na kiwiko. Akasema, "Hapo." Kisha akaipeleka pamba katikati ya baka, akaigandamiza, akaizungusha taratibu. Ukumbi mzima ulikuwa unaiona.

Dada alikuwa amefumba macho, anangoja.

"Bado hujanigusa, mwalimu," alisema.