Shati Jeupe la Séraphin

Jirani yangu Séraphin wa hapa Bihambwe anatengeneza frigo za chanjo, zile zinazotumia jua, katika vituo vya afya vya Masisi mpaka Ntoto kule Walikale. Shirika moja lenye bureau, yaani ofisi, mjini Sake humwita kwa simu, anapanda pikipiki yake, anatengeneza, analipwa kwa kila kazi. Miaka minne ameishi hivyo, akiitwa au asipoitwa.

Mwezi uliopita Madame Chantal, mkuu wa utawala pale Sake, alimpa karatasi: kontra ya mwaka mzima, mshahara kila mwezi, matibabu ya familia yote. Alipewa wiki moja ya kujibu.

Mke wake, Brigitte, ana mimba ya tatu, na uzazi wa pili ulikuwa mgumu, ulimalizika kwa upasuaji. Kwa hiyo hakuiona kontra, aliona yale matibabu. Siku hiyohiyo alinunua shati jeupe la bureau, akalipiga pasi. Simlaumu. Kama ningekuwa yeye ningenunua mawili.

Lakini Séraphin aliisoma karatasi mpaka chini. Fundi wa shirika hapandi pikipiki, anasafiri kwa gari. Hatoki bila karatasi ya safari iliyosainiwa. Kituo kinapewa taarifa siku moja kabla. Wala haruhusiwi kumfanyia mtu mwingine kazi. Akawa mtu wa kutazama ukuta akila.

Siku ya nne akapanda kwenye kituo cha juu ya kilima chetu. Frigo ya pale ilikuwa na ugonjwa wa ajabu: siku za mawingu ni nzima, siku za jua kali inapata joto. Gari la Sake lilikuwa limekwenda mara tatu, na mara zote tatu ripoti ilisema paneli za jua ni nzuri, labda mashine ya ndani imechoka, inunuliwe frigo mpya. Séraphin hakuwa ameitwa. Ilimkera tu, kama punje ya mahindi kwenye jino.

Akapita njia ya nyuma, ya mashamba ya maharage. Alipotokea uwanjani, paneli hazikuonekana. Juu yake yalikuwa yametandazwa mapanye ya kitenge, mashuka na nguo za watoto wachanga, kila moja na jiwe lake ili upepo usichukue. Huku kwetu mvua hainyimi mtu, basi jua likitoka kila mama wa maternité, wodi ya wazazi, anafua. Na kile kioo cha paneli kina joto zuri, nguo zinakauka upesi.

Mama Uwizeye, muuguzi mkuu, alishika kichwa.

"Papa Séraphin, sisi tuliona ile kitu inakula jua mingi, tukasema nguo haiwezi kuizuia."

"Na watu wa Sake hawakuona?"

"Wataona wapi? Wanatuambia siku moja mbele. Tena gari tunaisikia tangu mu bonde. Tunatosha nguo juu ya paneli, tunafagia, tunawangojea. Wageni hawawezi kukuta nguo za wazazi inje, iko haya."

Séraphin alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaondoa nguo, akatazama kipimajoto: nyuzi nane, ndiyo mwisho unaoruhusiwa. Chanjo zilikuwa zimepona kwa bahati. Jioni hiyo akakata miti, akawafungia kamba ndefu ya kuanikia, mbali na paneli.

Kesho yake akateremka Sake, akasimulia yale ya nguo.

"Madame, mukinipatia gari, nitakuwa naona paneli safi kila siku," alimwambia Chantal. "Kontra ya mwaka naikataa. Lakini munipatie ingine: siku kumi kila mwezi za hakika, na ruhusa ya kufika bila kutoa taarifa."

Chantal aliandika bila kuinua kichwa. Frigo mpya ambayo haingenunuliwa tena ilimsaidia kukubali. Siku kumi alizipata, na ruhusa. Matibabu, hapana: hayo ni ya waajiriwa peke yao.

Aliporudi nilikuwa kwake, nikichambua maharage na Brigitte, na sikuwa na adabu ya kuondoka. Brigitte alisoma karatasi mara mbili, akitafuta neno moja.

"Matibabu iko wapi?"

"Hakuna. Nimetuandikisha mu mutuelle ya parokia, ule mufuko wa matibabu, na malipo ya siku kumi za kwanza, yenye walinitangulizia, nimeshalipa yote kule. Inafunika hata operasyo."

"Basi utatumika kazi mwezi muzima bure."

"Ndo hivyo."

Brigitte aliiweka karatasi juu ya maharage. Niliogopa, nasema kweli. Kisha akaingia ndani, akatoka na lile shati jeupe, akalikunja polepole kwenye mapaja.

"Hii utavaa ku batizo ya mutoto," akasema. "Na ile siku nitazaa, uje bila taarifa."