Mapatano ya Baba na Kiwanda

Mashine ya kiwandani Changamwe ilimkata Baba vidole viwili. Wakili wake akampa mapatano ya Kiingereza aende nayo nyumbani Timbwani, ayaelewe kabla ya kutia sahihi. Nilikuwa kidato cha tatu, basi kuyafupisha kukawa kazi yangu. Mama akamwita shangazi na majirani waje wasikilize. Nami kwa haya zangu nikasomea nyuma ya pazia la chumbani.

Nikasema kiwanda kitalipa kwa mafungu manne, kila mwisho wa mwezi. Fungu likichelewa siku saba, baki lote litalipwa kwa mkupuo, pamoja na riba.

"Basi nawachelewe, inshallah," akasema shangazi.

Nikaendelea kwamba Baba akitia sahihi, hataidai tena kampuni chochote, si cha vidole, si cha kazi.

"Na pesa zangu za likizo?"

"Nazo zimo, Baba. Utakuwa umewasamehe."

 Nikasoma kifungu cha mwisho: mapatano ni siri baina ya Baba, mkewe na wakili, na atakayeitoa atashtakiwa. Nikachungulia. Majirani kumi walikuwa wametulia na vikombe vyao.

"Kwani ameshatia sahihi?" shangazi akauliza.

"Bado," nikamjibu.

"Basi bado si siri. Nitilieni chai."

Kesho yake Baba alimrudishia wakili karatasi ile, akataka pesa za likizo ziondolewe kwenye msamaha ule. Kiwanda kilikubali baada ya wiki mbili, naye akatia sahihi. Mama alijifungia ndani siku tatu, kwa kuuogopa ulimi wake.