Klipu Mia Tatu na Arobaini kwa Dakika Moja

Si zamani sana, maana zamani televisheni haikuwepo, na watu walidanganyana kwa mdomo tu. Kulikuwa na mwanamke katika kituo kimoja cha televisheni, kazi yake kutazama picha zote zinazoletwa na wapiga picha na kuziandikia maelezo. Walimwita Mama Klipu. Alikaa chumba cha mwisho cha ukumbi, hakina dirisha, feni inalia kama mgonjwa, na ndani ya kompyuta yake kulikuwa na klipu laki mbili na ushei. Wahariri walisema ukimwomba mbuzi aliyepita nyuma ya waziri mwaka wa mafuriko, atakuuliza mbuzi yupi, mwenye pembe moja au yule mjamzito.

Siri yake haikuwa uganga. Alitazama kila klipu mpaka mwisho, kisha akaandika alichokiona: nani, anafanya nini, wapi, mchana au jioni, picha ya karibu au ya mbali, inaanza na nini na inaishia na nini. Kama jina hakulijua, aliandika kofia. Mwenye kofia hufa siku moja akiwa mtu mkubwa, na hapo ndipo watu humkumbuka Mama Klipu.

Ugonjwa huo ulimfuata hata nyumbani. Mumewe akiuliza, "Mama watoto, miwani yangu iko wapi?" alijibiwa bila kugeukiwa: "Juu ya friji, mguu mmoja umefungwa uzi, inatazama ukutani."

"Na mwenye miwani?"

"Mzee, fulana imetoboka kwapani, picha ya karibu haifai."

Basi akaletwa mkuu mpya wa maktaba ya picha. Kijana wa viatu vinavyong'aa, anatembea kama aliyemeza mwiko, na kila sentensi yake ina neno kasi. Hawakuchelewa kumpa jina. Kasi alikuta Mama Klipu anamaliza klipu sitini kwa siku, akashika kichwa kama aliyeibiwa.

"Mama, hii unayoandika ni barua ya mapenzi. 'Mwanamke wa kanga nyekundu anamimina maji, anageuka kushoto, anacheka.' Nani atatafuta hayo?"

"Anayetaka mwanamke anayecheka."

"Sasa tunafanya hivi. Kadi moja ya kamera, maelezo ya aina moja. Unachagua klipu zote za kadi, unabandika mara moja, umemaliza."

"Baba, kadi si sufuria. Ndani yake hakupikwi chakula kimoja."

Kasi alicheka kicheko cha watu wanaolipwa zaidi. Akamwambia kwamba wiki ikiisha bila yeye kubadilika, atahamishiwa stoo, akahesabu viti na kuvifuta vumbi. Barua ilikuwa imeshachapwa, imebaki sahihi. Mama Klipu aliiona mezani kwa Kasi, karatasi moja, kichwa cha habari kwa herufi nzito, imelala kifudifudi lakini si vizuri. Usiku huo hakula. Miaka kumi na tisa ya kuangalia dunia nzima ikipita, halafu uangalie miguu ya viti.

Jumatatu asubuhi ikaja kadi ya mazishi ya jaji mstaafu, yaliyofanyika Jumamosi. Mama Klipu ndiyo kwanza ameketi, kompyuta imefunguliwa kwa jina lake, Kasi akaingia.

"Nenda ukanywe chai, mama. Ukirudi utaona kazi inavyofanywa."

Akaenda. Angefanyaje, bosi ni bosi hata akiwa debe tupu. Aliporudi, kikombe hakijapoa, kadi ilikuwa imekwisha. Klipu mia tatu na arobaini, kila moja imeandikwa: mazishi ya jaji, waombolezaji, huzuni.

"Umezitazama?"

"Tatu za mwanzo. Zote mazishi. Sasa mia tatu nyingine zitakuwa nini, mpira?"

Hakujua, na angejuaje, kwamba mpiga picha yule alitoka makaburini saa sita, akala, akaenda kupiga arusi ya binamu yake kwa kamera ya ofisi na kadi ileile. Kila mtu ukumbini alijua tabia yake. Kasi hakuwa amezungumza na mpiga picha yeyote tangu aajiriwe, aliwaita rasilimali.

Saa saba mchana kasoro dakika tisa, mhariri wa picha, dada mmoja mkali mwenye vikombe vitano vya kahawa mezani, alikuwa amebakiwa na dakika tisa kabla ya taarifa ya habari. Akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: mazishi, jaji, huzuni. Zikamwagika. Akaona kijipicha cha mzee wa suti nyeusi anajifuta macho kwa leso nyeupe. Hiyo hapo. Zamani maelezo ya Mama Klipu yangemwambia klipu inaishia na nini. Leo yalimwambia huzuni. Akaiweka sekunde kumi, akaipeleka.

Mtangazaji akasema kwa sauti ya kaburini, "Familia ya marehemu imegubikwa na majonzi." Mzee akajifuta macho. Sekunde ya nne akaikunja leso, akaitia mfukoni, akapandisha suruali, akakata kiuno. Alikata kiuno kile ambacho ukikiona unajua huyu mtu jasho ndilo alilokuwa akifuta. Sekunde ya nane bibi arusi akaingia upande wa kulia, akamtunza noti kwenye paji la uso.

Wanasema mjane wa jaji alipiga simu kabla noti haijaanguka.

Mkuu wa habari, mama wa makamo asiyepaza sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji, akawaita wote watatu. Kasi aliwahi kusema, maana kasi ndiyo kazi yake.

"Inasikitisha, bosi. Nilishamwonya mama kuhusu umakini. Mfumo uko wazi, maelezo yamewekwa kwa jina lake. Barua ya stoo hii hapa, inasubiri sahihi yako."

Mhariri wa picha akatazama dari. Mama Klipu hakutazama mtu. Akasogea kwenye kompyuta ya mkuu, akafungua kumbukumbu ya marekebisho, ile orodha inayoonyesha nani aliandika nini na saa ngapi, akageuza kioo.

"Soma mwenyewe, mama."

Mkuu akasoma. Saa nne na dakika kumi na mbili. Saa nne na dakika kumi na mbili. Akashuka chini, akashuka tena, mpaka kidole kikachoka.

"Zote dakika moja?"

"Zote. Na mimi nachapa kwa vidole viwili, vyenyewe kimoja kina baridi yabisi."

"Saa nne na dakika kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Kwenye chai niliyotumwa na bosi wangu nikanywe."

"Nilimwona mkahawani," mhariri wa picha akaiambia dari. "Alikuwa anaipuliza."

Mkuu akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Meza ikatulia. Kisha akamgeukia Kasi, akamwambia kadi ile irudiwe klipu kwa klipu, na airudie yeye, ameketi pembeni ya Mama Klipu, na asiinuke mpaka mama huyo aseme imetosha.

Kesho yake Kasi akavuta kiti, kifupi, kwa sababu kirefu kilikuwa na mwenyewe. Feni ikalia. Klipu ya kwanza ya arusi ikacheza sekunde kumi na mbili. Akachapa: watu, furaha. Akanyoosha mkono kwenda ya pili.

"Rudi," alisema Mama Klipu. "Furaha umeiona wapi?"

"Si hiyo, mama, wanacheka."

"Basi niandikie meno. Ya nani, wangapi, wamesimama au wameketi, na huyo nyuma anayeiba soda ni mwanamume au mwanamke?"

Kasi akairudisha mwanzo. Akainama karibu na kioo, akakunja macho.

"Mwanamke," akasema baada ya muda.

"Nguo?"

"Sijaona."

"Tazama tena."