Fundi wa Kanzu Tu

Kwenye kibaraza chetu pale Arua tulikuwa mafundi cherehani wengi, na kila mmoja alishona kila kitu: zipu, viraka, sare za shule. Kazi haikukosekana, ila bei ilinitia wazimu. Kabla sijamaliza kutaja yangu, jirani alikuwa ameshaishusha.

Nikachoka. Nikaamua kushona kanzu tu, zenye darizi ya mkono shingoni. Aliyeniletea zipu nilimwelekeza kwa jirani bila hata kuinua macho. Ramadhani ilipoingia, watu walitoka mpaka Koboko kunitafuta, na hakuna aliyebishana bei, maana darizi ile pale kibarazani niliiweza mimi peke yangu. Nikavimba kichwa.

Idd ikapita, na mtu akishapata kanzu mpya hataki nyingine. Nikaipaka cherehani yangu mafuta, nikaifuta, nikaipaka tena. Za majirani zilikuwa zikinguruma kutwa, zikiniingia kichwani kama nyuki. Nilizunguka soko, nikarudi, nikakuta kiti cha wateja kitupu vilevile.

Asubuhi moja akaja mama mmoja, mteja wangu wa zamani, na sare ya mtoto iliyochanika begani. Nikanyoosha mkono kabla hajanifikia. Akaikumbatia ile sare, akatabasamu kwa heshima zote.

"Hapana, fundi. Hii iko kazi ndogo. Wewe sasa iko mutu ya kanzu."

Akapitiliza mpaka kwa jirani. Njia ya kwenda kule nilimwonyesha mimi mwenyewe.