Kidole Kwenye Ufa

Muuguzi Ernesta alifika kwa mtendaji wa kata, Kibondo, amefura kwa hasira. Alikuwa anahama, na mwenye nyumba wake, Mzee Gharibu, alikataa kumrudishia amana, akidai Ernesta ndiye aliyepasua sinki.

"Ufa nimeukuta, leo unanibambikia mimi!" alimfokea Gharibu, aliyekuwa ameitwa naye ofisini hapo.

Akabwaga mezani fomu ya hali ya nyumba, waliyoisaini wote wawili siku alipohamia. Iliandikwa: sinki la jikoni lina ufa.

"Hayo kayaongeza baadaye," Gharibu akabisha.

Ernesta akafungua simu. Siku ile alimtaka mzee aguse kila palipoharibika, naye akapiga picha. Mtendaji akaikuza: kidole chenye pete ya akiki kilikuwa juu ya ufa.

"Mzee Gharibu," akasema, "hebu toa mkono mfukoni."