Barua ya Kuwaingiza Watoto Baharini

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya msingi kule Kwale, mjini juu kilimani. Mwaka mmoja niliandika barua ya kuwaomba wazazi ruhusa ya safari ya kufunga mwaka. Barua yenyewe ilikuwa karatasi moja tu, mbele na nyuma, na ilibaki kidogo inifukuzishe kazi.

Nianze na jambo nililolificha wakati ule. Safari hiyo ya kwenda Diani niliipendekeza kwa ajili ya watoto, ndiyo, lakini zaidi niliipendekeza kwa ajili yangu. Mimi ni mzaliwa wa Mackinnon Road, kwenye reli, malori na vumbi jekundu. Bahari nilikuwa nimeiona kwa mbali kutoka Kwale, na mara chache nikivuka feri pale Likoni, macho nimeyafumba. Kuigusa sikuwahi hata siku moja. Na huku ndiye mimi niliyekuwa nikifundisha habari za mawimbi na maji kupwa na kujaa, nachora ubaoni kwa chaki ya buluu kama mtu aliyezaliwa ndani ya ngalawa. Mtoto akiniuliza maji ya bahari yana ladha gani, nilimjibu "chumvi" kwa kiburi kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilitamani kuingia maji yale mpaka nikawa nayaota, na nilikuwa naona haya kwenda peke yangu nisije nikaonekana mshamba.

Mwalimu mkuu hakunikatalia. Alikuwa mzee mpole, mwoga wa kila kitu kilichoweza kufika ofisi ya elimu. Alinipa sharti moja.

"Sahihi za wazazi wote," aliniambia. "Wote thelathini na wanane. Ikipungua moja, mwalimu, hakuna safari. Na barua isizidi karatasi moja, karatasi zenyewe ndizo hizo unazoziona."

Nikaandika. Upande wa mbele niliweka salamu, kisha: "Kwa heshima kubwa, ninapendekeza wanafunzi wa darasa la tano watembelee ufuo wa Diani siku ya Jumamosi baada ya mitihani, ili wajionee yale waliyosoma. Tutatumia basi la shule ya sekondari. Kila mtoto aje na chakula cha mchana, maji ya kunywa, ndara na nguo za kubadilisha." Chini kabisa nikapiga mstari wa nukta nukta, na chini ya mstari nikaweka: "Kata hapa. Mimi mzazi au mlezi wa …… namruhusu au simruhusu kwenda. Sahihi ……" Upande wa nyuma nikaweka ratiba ya siku, saa kwa saa, imepangika vizuri kwelikweli. Karani wa ofisi ya elimu akanipigia taipureta kwenye stensili, mashine ikazungushwa, na barua zikatoka zinanuka wino. Nilizipenda barua zile. Nilikwenda nazo nyumbani nikazisoma tena.

Zikapelekwa Jumanne. Kufikia Ijumaa vipande vyote thelathini na vinane vilikuwa vimerudi, vyote "namruhusu", vingine vimetiwa dole gumba. Nikavifunga kwa mpira, nikampelekea mwalimu mkuu, naye akavihesabu mara mbili akavitia kwenye droo. Jioni ile nilinunua kanga ya kuogea. Sikujua hata kama watu huogea kanga, lakini nilinunua.

Jumatatu asubuhi nilikuta wazazi wamejaa langoni. Sikuwahi kuona wazazi wengi kiasi kile hata siku ya kutoa matokeo. Mbele yao alisimama nyanya wa msichana mmoja wa darasa langu, mwanamke mfupi mwenye buibui na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Mkononi alikuwa na karatasi yangu.

"Shikamoo, nyanya," nikamwamkia.

"Marahaba. Mwalimu, sisi tumekukosea nini?"

Nikaitazama ile karatasi mkononi mwake.

"Mjukuu wangu amenisomea barua yako," akaendelea. "Nimemwambia soma tena, akasoma tena. Saa moja asubuhi, watoto wakusanyike shuleni. Vyema. Saa moja na nusu, wapande basi. Vyema. Saa tatu wafike, waoneshwe ufuo, waokote makombe. Vyema sana. Saa tano kamili, watoto wataingia baharini. Nikamwuliza, halafu? Akaniambia, halafu basi, nyanya, imeisha."

Nyuma yake kukavuma. Mama mmoja akasema yeye mwanawe ni wa pekee. Baba mmoja, mlokole aliyekuwa na shamba huko Matuga, akaniambia amefunga na kuomba tangu Jumamosi ili Mungu amfunulie nia yangu.

Nikaichukua ile karatasi. Nikaigeuza mbele, nikaigeuza nyuma. Ndipo nikaelewa. Kipande cha kukata kilikuwa chini ya upande wa mbele, na mgongoni mwake ndipo ilipokuwa nusu ya pili ya ratiba. Wazazi walikuwa wametii barua yangu barabara: walitia sahihi, wakachukua mkasi, wakakata kwenye nukta, wakanirudishia. Wakanirudishia pamoja na kutoka baharini, chakula cha mchana, sala ya adhuhuri na safari ya kurudi nyumbani. Mimi nilihesabu sahihi tu, sikugeuza hata kipande kimoja. Kwa hiyo ndani ya droo ya mwalimu mkuu kulikuwa na watoto thelathini na wanane waliokwishatoka majini na kula, na nyumbani kwao walikuwa wangali wamo baharini.

Nilicheka. Lilikuwa kosa la pili. Nyanya akaona meno yangu, akawageukia wenzake: "Mwaona? Anacheka!"

Mwalimu mkuu akatoka mbio, akatuingiza sote darasani. Wazazi wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nikavitoa vile vipande, nikaandika ratiba nzima ubaoni, nikaisoma kwa sauti mpaka mwisho: saa sita kutoka majini na kubadilisha nguo, saa sita na nusu chakula, saa saba sala kwa Waislamu na mapumziko kwa wengine, saa nane michezo mchangani, saa tisa kupanda basi, saa kumi na nusu wazazi kuwapokea watoto shuleni. Vifua vikashuka. Nikafikiri yamekwisha.

Baba mmoja aliyekuwa mchuuzi wa samaki kutoka Msambweni akanyoosha mkono, kama mwanafunzi kabisa.

"Jumamosi hiyo mwezi utakuwa mwandamo, mwalimu. Saa tano maji yatakuwa yametoka mpaka karibu na mwamba. Yatawafika watoto magotini tu. Hapo umepanga vizuri."

"Ahsante," nikamjibu, kana kwamba nilipanga. Ratiba nilikuwa nimeipanga kwa kalenda ya ukutani, mwezi sikuufikiria hata kidogo.

"Lakini ikifika saa sita yanaanza kurudi," akaongeza. "Hiyo saa sita yako isiwe saa sita na nusu."

Nyanya akasimama. Dawati likasimama naye kidogo, kisha likamwachia.

"Mimi nimezaliwa huko huko Diani," akasema, "huku mlimani nimeletwa na ndoa. Bahari naijua, ndiyo maana nauliza. Karatasi imesema watoto watatoka saa sita. Watoto hawatoki baharini kwa sababu karatasi imesema. Nani atawatoa? Wewe, mwalimu, wajua kuogelea?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimekwisha kuuzoea, ule wa chumvi na wa chaki ya buluu. Nikawatazama wale watu wazima waliobanana kwenye viti vya wana wao kwa sababu ya mkasi na karatasi yangu, na haya zikanishika mpaka masikioni.

"Sijui," nikasema. "Hata kuingia sijawahi kuingia. Mimi ni wa Mackinnon Road. Safari hii niliitaka mimi mwenyewe."

Mwalimu mkuu akafumba macho. Nilijua anachohesabu: sahihi zinarudishwa moja moja, safari imekufa, na mimi nahamishiwa shule isiyo na barabara. Machozi yalikuwa karibu, na si kwa ajili ya kazi. Nilikuwa naililia ile kanga.

Nyanya akacheka, cheko la kupiga meza.

"Kumbe wewe ndiye wa kushikwa mkono!" akasema. Akamgeukia mwalimu mkuu. "Andika mimi naenda. Na huyu samaki naye aende, atasimama upande wa kina. Watoto tutawatoa sisi. Na huyu mwalimu, nani amemtilia sahihi?"

Mwalimu mkuu akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nyanya alitaka kipande cha karatasi, na hakutoka mpaka akakipata. Mchuuzi wa samaki ndiye aliyemwandikia: "Mimi mlezi wa mwalimu wa darasa la tano namruhusu kwenda." Nyanya akatia dole gumba, akakipuliza kikauke, na mwalimu mkuu, ambaye hakuwahi kukataa karatasi yenye sahihi, akakiweka kwenye droo pamoja na vile vingine. Vikawa thelathini na tisa.

Jumamosi ile maji yalikuwa yametoka kama tulivyoambiwa. Watoto walikimbia kwenye vidimbwi wakipiga kelele, mchuuzi wa samaki akiwa amesimama mbali kama kigingi. Nyanya alikunja buibui lake, akanishika mkono, akaniongoza. Mchanga ulihama chini ya nyayo zangu. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Hilo sikuwahi kulifundisha. Nikachota kiganja kimoja, nikaonja, nikatema mbele ya wanafunzi wangu wote, wakaanguka kwa kicheko. Nilikaa chini pale pale, na kanga yangu, maji yakinifika kifuani. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile.

Saa sita kamili nyanya alipiga makofi. Watoto wote thelathini na wanane wakatoka, wakajipanga mstari mchangani, wakahesabiwa, hakuna aliyekosekana. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yananipanda mabegani taratibu.

"Mwalimu!" nyanya akaita kutoka ufuoni. "Saa imefika! Toka!"

"Dakika mbili, nyanya!" nikamjibu. "Dakika mbili tu!"

Akaja akanitoa.