Neno Nililolimeza Katika Chumba cha Meno

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa muuguzi katika chumba cha meno cha hospitali moja ya Tabora. Tulikuwa wawili tu: mimi, na daktari wetu, mzee mpole wa Bukoba aliyesema Kiswahili cha haraka na asiyejua Kinyamwezi hata cha kuombea maji. Kwa hiyo mdomo wake ulikuwa mimi. Wagonjwa waliotoka Nzega na Igunga walimsikia kupitia kwangu, na nilichokinyamazia hakikuwafikia.

Tulikuwa na mashine ya gesi ya kutuliza, yenye mitungi ya rangi mbili: wa buluu wa gesi yenyewe, na mweusi wenye mabega meupe wa oksijeni. Mitungi ililetwa na garimoshi kutoka Dar es Salaam, na garimoshi lilikuja na mitungi pale lilipopenda.

Asubuhi moja alikuja mama kutoka Lusu, upande wa Nzega, na binti yake wa miaka minne. Shavu la kulia la mtoto lilikuwa limevimba hadi jicho likabaki mstari. Siku tano hakuwa amelala. Kwenye zahanati ya huko walijaribu kumng'oa jino wakiwa wanaume wanne wamemshika, wakashindwa, na sasa kila akiona koti jeupe alilia mpaka sauti ikakatika.

Walipokuwa wakisubiri kwenye benchi karibu na mlango, tulikuwa tunamhudumia binti wa mwalimu, wa miaka minane, mwoga naye. Daktari alimwekea barakoa ndogo puani, akampa oksijeni peke yake kwanza, kisha akafungua gesi kidogo kidogo huku akimsimulia habari za sungura. "Vidole vinakuwasha?" alimwuliza. Mtoto akatabasamu, macho wazi, akajibu kila alichoulizwa. Jino likatoka bila kelele. Kisha akapewa tena oksijeni tupu kwa dakika kadhaa, akashuka kitini mwenyewe. Mama wa Lusu aliona yote.

Zamu yake ilipofika daktari alimsikiliza mtoto kifua, akamtazama pua, kamasi zito, midomo wazi. Akabembeleza mpaka akapata nafasi ya kumulika koo kwa tochi. Akaizima, akanigeukia.

"Muulize mama kama anakoroma."

Niliuliza. Mama akasema anakoroma kama mtu mzima, na mara nyingine anakata pumzi, anatulia, kisha anashtuka kama aliyezama majini. Analala ameketi, amempakata.

Daktari aliniambia kwa Kiswahili chake cha haraka: "Mafindofindo yamekaribia kugusana. Gesi hapana, inaingia kwa pua na pua yake imeziba, na mtoto anayelia hivi hawezi kutulia na barakoa. Dawa ya kunywa ya usingizi ndiyo hapana kabisa. Akilegea, koo litajifunga. Mchome penisilini, alale wodini, kesho tutamng'oa kwa ganzi akiwa macho. Mweleze mama vizuri."

Nje palikuwa na watu ishirini. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Nikamgeukia mama nikamwambia kwa Kinyamwezi: "Daktari amekataa dawa ya usingizi. Kesho."

Basi. Hayo tu.

Aliniangalia. "Yule wa mwalimu mmempa."

"Huyu hapewi," nikasema, nikamwita mgonjwa mwingine.

Wodi ilikuwa imejaa. Baada ya sindano mama akasema ana shangazi mtaa wa Ng'ambo, hapo mjini, watalala huko, na mimi nikamruhusu bila kumwuliza daktari.

Kesho yake alirudi asubuhi na mapema, mtoto mgongoni ndani ya kanga, kimya. Nilifurahi, na hilo linanitesa hadi leo. Nilisema moyoni, penisilini imeanza kazi, mtoto amepata nafuu. Nikawaambia waketi. Nikawa napanga vifaa, na nikausikia mkoromo wake mzito ukikatiza kelele za watu. Halafu sikuusikia.

Nilitoka. Mtoto alikuwa amelala mapajani, kidevu kifuani. Kifua kilipanda na kushuka, tumbo likiingia ndani kwa nguvu, lakini nilipoweka kiganja mdomoni hapakuwa na hewa. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu.

Nilimnyakua. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu daktari alikuwa ameshafika kabla sijamlaza. Aliinua kidevu, akasukuma taya mbele kwa vidole nyuma ya masikio. Hewa ikapita kwa sauti ya kukwaruza, kidogo.

"Amekunywa nini? Muulize amekunywa nini!"

Mama alikuwa amepiga magoti. Akafungua pindo la kanga, akatoa chupa ya dawa ya mafua, ile ya maji ya kuleta usingizi, iliyonunuliwa dukani Ng'ambo. Vijiko vitatu. Na uji juu yake.

"Nilitaka asiogope," alisema. "Mlimnyima kwa sababu sisi ni watu wa shamba."

Mtoto alitapika. Tulimgeuza ubavu haraka, nikafuta mdomo kwa kitambaa, daktari akarudisha taya mbele, nikafungua mtungi mweusi. Mshale wa kipimo chake ulikuwa karibu na sifuri. Hatukuwa na mwingine. Daktari alishika barakoa usoni mwa mtoto, nami nikabinya mfuko wa hewa alipoacha kuvuta mwenyewe, nikihesabu, nikimwomba Mungu kwa majina yote niliyofundishwa. Watu wa benchi walikuwa wamesimama mlangoni. Mama aliita jina la mwanawe polepole, tena na tena, kama anayemwita kutoka ng'ambo ya mto.

Mtungi uliisha. Tukaendelea na hewa ya kawaida.

Sijui ilikuwa muda gani. Nakumbuka mikono yangu kufa ganzi, na daktari kusema, "Acha kidogo." Tukangoja. Kifua kikapanda chenyewe, hewa ikasikika. Midomo ikarudi rangi. Mtoto akafungua jicho lake moja, akaniona, akaanza kulia. Sijapata kusikia kilio kizuri kuliko kile.

Siku nzima tulikaa naye kwa zamu, ameinuliwa mabega, asiachwe alale chali. Mchana daktari aliponiuliza kama nilimweleza mama, nilimwambia kweli. Hakunigombeza. Alisema, "Nenda basi umweleze sasa."

Nilikwenda nikakaa chini sakafuni kando yake. Nikamwambia habari ya koo, na kwa nini gesi inamfaa mtoto mmoja na haimfai mwingine, na kwamba hata dawa yetu ya kunywa hupimwa kwa uzito wa mtoto na kunywewa kabla hajala, mbele ya macho yetu, oksijeni ikiwa karibu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Nilichoka."

"Hata mimi nilikuwa nimechoka," akasema.

Siku iliyofuata tulimng'oa jino akiwa macho kabisa, kwa ganzi. Mama alimpakata, mimi nikashika kichwa. Alipiga mayowe na kuniuma kidole. Usaha ukatoka, na ndani ya siku mbili jicho likafunguka. Daktari aliandika barua ya rufaa, wakapanda garimoshi kwenda Mwanza kuondolewa mafindofindo.

Walipita tena Tabora wakirudi nyumbani. Mama alikuja kutuambia kwamba mtoto sasa analala chali. Mtoto mwenyewe alikataa kuvuka kizingiti. Alisimama uani, mkono mdomoni, na nilipotoka kumsalimia alijificha nyuma ya kanga ya mama yake. Sikumsogelea.